Babeli: Mji Uliotaka Jina Ukapewa Utani

Anayetafuta maana ya jina Babeli katika kamusi ya mambo ya kale ataambiwa kwamba ni jina la Kiakadi, lugha ya Wababeli wenyewe, na kwamba maana yake ni "mlango wa mungu". Akiifungua Biblia kwenye Mwanzo 11:9 atakuta maelezo mengine kabisa: "Kwa sababu hiyo jina lake likaitwa Babeli, maana hapo ndipo BWANA alipoichafua lugha ya dunia yote." Mzee mmoja katika darasa la Biblia ninalosaidia kuliendesha aliyaweka maelezo hayo mawili mbele yangu akaniuliza, "Sasa mwalimu, mwandishi wa Mwanzo alikuwa hakijui Kibabeli, au sisi ndio hatumjui mwandishi?" Nilimjibu kwa ufupi siku hiyo kwamba sehemu ya pili ya swali lake ndiyo yenye uzito. Makala haya ni jibu lile kwa urefu wake, kwa kuwa haliwezi kueleweka bila kuyasikia maneno ya Kiebrania yenyewe, na aya tisa za Mwanzo 11:1-9, kisa cha watu waliojenga mji na mnara katika nchi ya Shinari, zimejengwa kwa sauti kabla ya kujengwa kwa jambo lingine lolote.

Nianze na kiini cha utani. Kitenzi kilichotafsiriwa "kuchafua" ni balal, na mzizi wake ni herufi tatu, b-l-l. Jina la mji ni Babel, yaani b-b-l. Mtu anayekijua Kiebrania huona mara moja kwamba sarufi hailiruhusu neno la pili litokane na la kwanza, maana mzizi wenye l mbili hauwezi kuzaa jina lenye b mbili kwa njia yoyote ya kawaida ya lugha hiyo. Mwandishi alikuwa akikiandika Kiebrania kwa ustadi mkubwa, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huliona lilimpita yeye. Alichokitaka ni mlio wa maneno. Hii ndiyo desturi ya Mwanzo nzima na ya vitabu vinavyoifuata: Kaini anaitwa hivyo kwa kuwa mama yake alisema qaniti, "nimepata", Nuhu, ambaye kwa Kiebrania ni Noah, anafungamanishwa na nacham, "kufariji", ingawa jina lake linakaribiana zaidi na neno la kupumzika, Musa, kwa Kiebrania Moshe, anafungamanishwa na mashah, "kutoa majini". Jina linaguswa na neno linalofanana nalo kwa sauti, na kugusana huko ndiko kunakobeba ujumbe. Kulisoma andiko hilo kama kamusi ya asili ya maneno ni kulitaka litoe kitu ambacho halikuahidi.

Msomaji wa Kiswahili ana njia rahisi ya kulionja jambo hili, nami huitumia darasani. Tunalo neno kubabaika: mtu akishikwa na hofu au akikosa la kusema, maneno humtoka vipande vipande, hayashikani, na tunasema amebabaika. Hebu tuseme aya ile iliandikwa hivi: "Mji ukaitwa Babeli, maana hapo ndipo Bwana alipowababaisha wasisikilizane." Hakuna uhusiano wowote wa asili kati ya kubabaika na Babeli, na kila anayesikia sentensi hiyo anajua kwamba hakuna, hata hivyo sikio linaridhika, na tangu hapo ni vigumu kuutaja mji ule bila kuwaza watu wanaobabaika. Msikilizaji wa Kiebrania alitendewa hivyo hivyo. Sipendekezi tafsiri zetu zibadilishwe, kwa sababu kubabaika kunaeleza hali ya mtu mmoja mmoja, ilhali balal inaeleza jambo linalotendwa juu ya kitu kizima. Nauona tu kama mfano wa kufundishia, na mpaka sasa sijapata ulio bora kuliko huo.

Kuhusu balal yenyewe, maana yake ya kila siku haina uhusiano na lugha hata kidogo. Ni neno la jikoni na la madhabahuni. Katika Walawi na Hesabu linarudi mara kwa mara katika maagizo ya sadaka ya unga, pale unga mwembamba unapochanganywa na mafuta. Kutoka mzizi huohuo kuna belil, chakula cha mifugo kilichochanganywa, kinachotajwa katika Ayubu na Isaya. Kwa hiyo Mwebrania aliposikia kwamba Mungu alifanya balal juu ya usemi wa watu, picha ya kwanza iliyomjia ilikuwa ya mikono inayokanda, si ya kitu kilichovunjwa wala kuporomoka. Na kile kinachokandwa, kwa neno la Kiebrania, ni safah, "mdomo", kwa maana katika simulizi hii ndilo neno linalosimama mahali pa lugha. "Nchi yote ilikuwa na lugha moja na usemi mmoja" ni, kwa uhalisi wake, nchi yote ilikuwa na mdomo mmoja na maneno yale yale. Mdomo mmoja unachanganywa kama unga na mafuta, na matokeo yake ni kwamba mtu haelewi tena mdomo wa jirani yake. Watafsiri wa Biblia ya Muungano walipochagua "kuchafua" hawakukosea sana: Kiswahili husema bahari imechafuka bila kumaanisha kwamba ina taka, na kuchafuka huko kwa maji yaliyokorogeka kunakaribia maana ya Kiebrania. Tatizo ni kwamba msomaji wa leo husikia uchafu kwanza, akadhani lugha nyingi zinatajwa hapa kama kitu kichafu, jambo ambalo andiko halilisemi.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu utani wa aya ya tisa ni msumari wa mwisho tu katika kazi iliyoanza tangu aya ya tatu. Aya hiyo inasomeka: "Wakaambiana, Haya, na tufanye matofali tukayachome moto." Kwa Kiebrania wajenzi wanasema habah nilbenah lebenim wenisrefah lisrefah. Hata asiyejua neno moja la lugha hiyo anasikia kinachotendeka: nilbenah lebenim, yaani "tufyatue matofali", ni kitenzi na jina la mzizi mmoja, l-b-n, nisrefah lisrefah, yaani "tuyachome kwa kuchoma", ni mzizi mwingine unaojirudia vivyo hivyo. Kisha msimulizi anaongeza kwamba walikuwa na matofali badala ya mawe, na lami badala ya chokaa, na hapo pia maneno yanapangwa mawili mawili: lebenah kwa eben, chemar kwa chomer. Maneno yanapangika kama tofali juu ya tofali, yote ya umbo moja, na hivyo ndivyo usemi wa watu wenye mdomo mmoja unavyopaswa kusikika.

Maelezo hayo ya vifaa yana sababu nyingine. Msimulizi anawaeleza watu wa nchi ya vilima vya mawe namna watu wa bondeni wanavyojenga. Katika tambarare ya Shinari, kusini mwa Iraki ya leo, mawe ni haba, na tangu kale watu walijenga kwa udongo. Matofali ya kawaida yalikaushwa juani. Yale ya kuchomwa yalihitaji kuni nyingi, yakawekwa mahali pa heshima kama kuta za nje za mahekalu na za majumba ya kifalme, yakashikizwa kwa lami nyeusi iliyobubujika yenyewe ardhini, hasa huko Hiti kwenye mto Frati. Kwa Mwisraeli, aliyezoea jiwe na chokaa, huo ulikuwa ufundi wa kigeni, na nadhani kuna kejeli nyembamba katika maneno "badala ya": hawana mawe, maskini, lakini wanataka kufika mbinguni.

Wajenzi wakisema habah, "haya", mara mbili, Mungu naye anajibu kwa habah yake katika aya ya saba: "Haya, na tushuke huko, tuwachafulie usemi wao." Tafsiri ya Muungano imelihifadhi neno hilo mara zote tatu, nami naishukuru, kwa sababu "haya" ya Kiswahili ina ule ule mwendo wa watu wanaohimizana kazini. Sasa tazama neno "tuwachafulie" katika aya hiyo. Kwa Kiebrania ni nablah, na herufi zake zinazoandikwa ni n-b-l-h. Jina la tofali ni lebenah, na herufi zake ni l-b-n-h. Ni herufi zile zile nne. L na n zimebadilishana nafasi, basi. Wajenzi walisema l-b-n na Mungu akajibu n-b-l. Mholanzi J. P. Fokkelman, katika uchambuzi wake wa simulizi za Mwanzo uliochapishwa mwaka 1975, aliliweka jambo hili katikati ya usomaji wake wa kisa hiki, na tangu nilipolielewa nimeshindwa kuisoma aya ya saba bila kuliona tofali likigeuzwa kichwa chini. Tena lipo neno jingine la herufi hizo hizo nne, nebalah, ambalo ni upumbavu wa kuaibisha. Sijui kama mwandishi alilikusudia, na sitaki kulikokota humu kwa nguvu.

Zaidi ya hayo, sauti za b, l na n hazikomei hapo. "Tujijengee" ni nibneh. "Walioujenga" ni banu. "Wanadamu" ni bene ha'adam. "Kuujenga" katika aya ya nane ni libnot. Kisa kizima kinagongagonga herufi hizo kama nyundo, kiasi kwamba linapotokea hatimaye jina Babel, na kufuatiwa papo hapo na balal, sikio limekwisha kuandaliwa. Mtu akilinyofoa neno la aya ya tisa na kulipima peke yake kwa mizani ya asili ya maneno, anakuwa amekitupa kisa chote.

Kuna uzi wa pili wa sauti, nao ndio unaonipendeza zaidi. Wajenzi wanasema wanataka mnara ambao kilele chake kifike mbinguni, shamayim, na wajifanyie jina, shem. Herufi zinazosikika ni sh na m. Sasa, neno la Kiebrania la "pale" au "huko" ni sham, nalo linarudi mara tano katika aya hizi tisa: wakakaa huko, tuwachafulie huko, akawatawanya kutoka huko, maana hapo alichafua, na kutoka huko akawatawanya. Katika maandishi ya kale, ambayo hayakuwa na alama za irabu, shem na sham ziliandikwa sawasawa, kwa shini na memu tu. Wanaokumbuka hati za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wanajua namna ambavyo irabu huachiwa msomaji aziweke mwenyewe. Basi watu walitafuta shem na wakaishia kupata sham: mahali tu, mahali pa kuondokea. Walisema "tusipate kutawanyika usoni pa nchi yote", na sentensi ya mwisho ya kisa ni kwamba Bwana akawatawanya usoni pa nchi yote. Walisema "tujifanyie jina", na jibu ni "jina lake likaitwa Babeli". Jina walilipata, ila si wao waliolitunga.

Nikumbushe hapa jambo dogo linalosahaulika: jina hilo ni la mji. Maneno "mnara wa Babeli" hayamo katika Mwanzo. Aya ya nane inasema wakaacha kuujenga mji, bila hata kuutaja mnara, na hakuna mahali ambapo mnara unaanguka. Kuanguka kumeongezwa na wasimulizi wa baadaye. Al-Tabari, mwanahistoria na mfasiri wa Kurani aliyefariki mwaka 923, ananukuu masimulizi ya jengo la Nimrodi lililoporomoshwa na Mungu, ndimi za watu zikachanganyikiwa kwa hofu hata wakazungumza lugha 73, na kwa sababu hiyo mji ukaitwa Babili. Kurani yenyewe inaitaja Babili mara moja tu, katika sura ya pili pamoja na Haruti na Maruti, bila mnara wala kuchanganyika kwa lugha. Kinachovutia katika masimulizi ya al-Tabari ni kwamba utani ule ule unafanya kazi tena, na safari hii kwa Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu kina balbala, kuvuruga na kuchanganya, kitenzi ambacho kwa kweli kinalingana na Babili kwa sauti kuliko balal ya Kiebrania. Kiaramu nacho kina balbel, nayo ndiyo iliyotumiwa na watafsiri wa Targumu, tafsiri ya kale ya Biblia kwa Kiaramu, walipoifikia aya hii. Lugha za ukoo mmoja ziliurithi utani huu bila taabu.

Wagiriki hawakuurithi. Wayahudi wa Aleksandria walioitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya tatu kabla ya Kristo walikabiliwa na uamuzi mgumu: waache jina la mji na kuupoteza utani, au waokoe utani na kulipoteza jina. Walichagua la pili. Katika Mwanzo 10:10, mahali mji unapotajwa kama mwanzo wa ufalme wa Nimrodi, wao wanaandika Babuloni, kama kila Mgiriki alivyoujua. Lakini katika 11:9 wanaandika kwamba jina lake likaitwa Sunkhusis, yaani Mchanganyiko, wakitumia neno la mzizi mmoja na kitenzi walichokiweka badala ya balal. Sentensi yao inasikika vizuri, lakini msomaji asiyejua Kiebrania hawezi kutambua kwamba mji huo ni ule wa mfalme Nebukadreza. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza aliyewaandikia Wagiriki na Warumi, alijaribu kuziba pengo kwa kueleza kwamba mahali pale huitwa Babuloni kwa kuwa Waebrania huuita mchanganyiko "Babel". Hilo si kweli. Hakuna neno kama hilo la kawaida katika Kiebrania cha Biblia. Utani ulikuwa umekwisha kugeuzwa fundisho la msamiati, na Augustino, mwanzoni mwa karne ya tano, aliupokea hivyo na kuujengea hoja kubwa juu ya mji wa mchanganyiko.

Kwa upande huu msomaji wa Kiswahili amepewa urithi mzuri kuliko Mgiriki. Kiebrania kina jina moja tu, Babel, kwa mji wa wajenzi na kwa mji ulioteketeza Yerusalemu, na Biblia ya Muungano nayo inatumia Babeli kila mahali, kwa wajenzi wa Mwanzo 11, kwa mfalme wa Babeli katika Yeremia na Danieli, mpaka kwa Babeli Mkuu wa Ufunuo. Anayesoma kwa Kiswahili hawezi kukwepa kuona kwamba anayetaniwa katika Mwanzo ni dola lililowachukua Wayahudi mateka.

Na dola hilo lilikuwa na mengi ya kusema juu ya jina lake. Hapa ndipo "mlango wa mungu" unapoingia. Wababeli waliliandika jina la mji wao kwa namna kadhaa, na mojawapo ni alama za Kisumeri zinazosomeka KA-DINGIR-RA, yaani mlango na mungu; kwa Kiakadi ni Bab-ilim, bab ikiwa mlango, na ilu mungu. Waswahili hawako mbali na maneno haya: bab ni ile ile ya Kiarabu iliyomo katika jina la mlango-bahari wa Bab-el-Mandeb, na ilu ni ndugu wa Ilahi tunayemwomba. Lakini mwaka 1955 Ignace Gelb, mtaalamu wa maandishi ya Mesopotamia, alitoa hoja ambayo wataalamu wengi wameikubali: umbo la kale zaidi la jina hilo ni Babil au Babila, jina la lugha isiyojulikana, lililokuwako kabla ya Waakadi kulitia maana. Wao walisikia ndani yake bab na ilu, wakalitamka ipasavyo, wakaliandika kwa alama zinazolingana na tafsiri hiyo. Ikiwa Gelb ana haki, basi "mlango wa mungu" nao ni mchezo wa sauti, wa jinsi ile ile na balal. Maelezo mawili aliyoyapambanisha yule mzee wetu yanakuwa utani wa aina moja uliotungwa na pande mbili zinazopingana, mmoja wa kuutukuza mji na mwingine wa kuushusha, na hakuna hata mmoja unaotuambia jina lilianzaje.

Kujua hivyo kunaifanya kejeli ya Mwebrania kuwa kali zaidi, kwa sababu inaonekana alijua Wababeli walivyojisifu. Shairi lao la uumbaji, Enuma Elish, linasimulia kwamba miungu ilifyatua matofali ya hekalu la Marduki, mungu mkuu wa Babeli, kwa mwaka mzima, na mwaka wa pili ulipofika wakaliinua kichwa chake. Hekalu hilo liliitwa Esagila, na kwa Kisumeri maana ya jina ni nyumba ambayo kichwa chake kimeinuliwa. Kando yake ulisimama mnara wa ngazi ulioitwa Etemenanki, nyumba iliyo msingi wa mbingu na nchi. Robert Koldewey na wenzake, waliochimba Babeli kati ya 1899 na 1917, waliuona msingi wake uliobaki: mraba wenye upande wa mita 91 hivi, kiini cha matofali ya jua kilichozungukwa na ukuta mnene wa matofali ya kuchoma. Mfalme Nabopolasari aliandika kwamba Marduki alimwagiza auimarishe msingi wa mnara huo katika kifua cha kuzimu na kilele chake akifanye kishindane na mbingu. Ukiyaweka maneno hayo kando ya "kilele chake kifike mbinguni", ambacho kwa Kiebrania ni rosho, "kichwa chake", unaona kwamba mwandishi wa Mwanzo anayarudisha maneno ya wenye mji vinywani mwao.

Kuhusu "tujifanyie jina" kuna ushahidi unaoshikika mkononi. Nebukadreza, mwana wa Nabopolasari aliyetawala kuanzia 605 hadi 562 kabla ya Kristo, alijenga kwa matofali ya kuchoma yasiyohesabika, na mengi yake yalipigwa mhuri yakiwa bado mabichi. Yako leo katika makumbusho ya nchi nyingi. Ni mapande ya mraba ya sentimita 33 hivi, na katika kisanduku kidogo juu ya uso wake kuna mistari michache ya maandishi ya kabari: Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mtunzaji wa mahekalu ya Esagila na Ezida, mwana wa kwanza wa Nabopolasari, mfalme wa Babeli. Kila tofali lina jina, na kila jina linamalizikia na jina la mji. Sidai kwamba mwandishi wa Mwanzo aliyashika matofali hayo, wala siwezi kusema kwa hakika aliandika karne gani. Ninachosema ni kwamba katika nchi ya Shinari kufyatua tofali na kujifanyia jina vilikuwa tendo moja, na anayesimulia kisa hiki ameyaweka mambo hayo mawili katika sentensi zinazofuatana.

Tena Wayahudi hawakuacha kulichezea jina hilo. Katika Yeremia 25:26, baada ya orodha ndefu ya mataifa yatakayokunywa kikombe cha hasira, tunaambiwa kwamba mfalme wa Sheshaki atakunywa baada yao, na hakuna ramani yenye nchi ya Sheshaki. Ukichukua alfabeti ya Kiebrania na kubadilisha herufi ya kwanza kwa ya mwisho, ya pili kwa ile inayotangulia ya mwisho, na kuendelea hivyo, b inakuwa sh na l inakuwa k. B-b-l inageuka sh-sh-k. Sheshaki ni Babeli iliyopinduliwa, na Yeremia 51:41 inayataja majina yote mawili katika aya moja, kama mtu anayefumba fumbo na kulifumbua papo hapo. Aliyegeuza l-b-n kuwa n-b-l na aliyegeuza Babeli kuwa Sheshaki walikuwa na sikio la namna moja.

Kinachofuata katika Mwanzo mara tu baada ya kisa hiki ni orodha ya vizazi ambayo wasomaji wengi huiruka. Inaanza katika 11:10: "Hivi ndivyo vizazi vya Shemu." Shemu, kwa Kiebrania, ni Shem, na shem ni jina. Waliotaka kujifanyia shem wametawanyika, na ukurasa unafunguka kwa mtu aitwaye Shem ambaye hajajenga kitu. Ukoo wake unaendelea baba kwa mwana mpaka kwa Abramu, ambaye katika 12:2 anaambiwa na yule yule aliyeshuka Shinari kwamba atalikuza jina lake.